Bakuli la kichujio cha maji limegoma kufunguka: jua kinacholishika kabla ya kuongeza nguvu

Bakuli la kichujio cha jikoni limebuniwa lifungwe kwa mkono. Likikataa kufunguka kwa mkono, kuna kitu kinalishika, na mara nyingi si hesi zenyewe. Huwa ni maji yaliyonaswa ndani kwa shinikizo, ringi ya mpira iliyovimba au kukauka, au mtu aliyelikaza kwa spana mara ya mwisho. Kila mojawapo ina dalili zake na dawa yake. Ukikosea dawa, plastiki hupasuka, na ufa mdogo usioonekana leo unaweza kufunguka wakati hakuna mtu nyumbani.

Tunazungumzia mtambo wa kawaida unaofungwa chini ya sinki: kichwa kilichoshikwa kwenye breketi, bakuli refu linaloning'inia chini yake, na ndani filta ya inchi 10. Mitambo mingi ina mabakuli matatu kama hayo, kisha utando wa kusafisha zaidi, kisha tangi la akiba. Kama chako ni kile ambacho filta na ganda lake ni kitu kimoja kinachotolewa kwa kuzungushwa robo mzunguko, hicho hakina bakuli na mengi ya hapa chini hayakihusu.

Bakuli halisogei hata kidogo, liko kama limemwagiwa zege

Anza na shinikizo, hata kama una hakika umefunga maji. Ringi ya mpira ya bakuli la kawaida ina kipenyo cha karibu sentimita 9, kwa hiyo eneo ambalo maji yanalisukuma ni kama sentimita za mraba 64. Shinikizo la baa 3, ambalo ni la kawaida kwenye mabomba ya nyumbani, hulisukuma bakuli kuelekea chini kwa nguvu sawa na uzito wa karibu kilo 190. Nguvu hiyo yote inabebwa na hesi. Unapojaribu kuzungusha, unazisugua hesi zilizobanwa na uzito wa watu wazima wawili au watatu. Hata nusu baa iliyobaki ni zaidi ya kilo 30, nayo inatosha kabisa kumshinda mtu mwenye mikono iliyolowa.

Ndiyo maana kufunga koki pekee hakutoshi. Koki huzuia maji mapya yasiingie. Yaliyokwisha kuingia yanabaki yamebanwa. Utaratibu wa kuyatoa ni huu:

1. Funga koki inayoingiza maji kwenye mtambo. Kama mtambo una pampu, chomoa waya wa umeme.
2. Funga koki iliyo juu ya tangi la akiba. Usipoifunga, utasimama kwenye bomba la kunywea ukingoja tangi zima liishe, ukidhani bado kuna maji yanayoingia.
3. Fungua bomba la kunywea na uliache wazi. Mtiririko unapaswa kukatika ndani ya sekunde chache.
4. Ngoja dakika 5 hadi 10. Kwenye mtambo wenye utando, maji ya mabakuli hayawezi kukimbilia bombani moja kwa moja. Hupenya taratibu kwenye utando na kwenye mrija wa maji taka.
5. Kama kichwani kuna kitufe, mara nyingi chekundu, kibonyeze huku umeweka kitambaa juu yake. Maji yatachuruzika au kuruka kidogo, kisha yatanyamaza.

Mtambo wenye pampu una hila yake. Vali ya umeme hujifunga pale umeme unapokatika, na shinikizo linaweza kubaki limefungiwa nyuma yake bila njia ya kutoka. Kama hakuna kitufe, njia safi ni kuchomoa mrija mmoja unaoingia au kutoka kwenye kichwa cha bakuli: toa klipu ndogo ya plastiki, bonyeza pete ya kiungio kuelekea ndani kwa vidole viwili, kisha vuta mrija huku pete imebonyezwa. Weka bakuli la jikoni chini na kitambaa juu ya mkono, kwa sababu maji yatatoka kwa mruko mmoja. Ukiuvuta mrija bila kuibonyeza pete, meno ya ndani yataukwaruza na utavuja ukiurudisha.

Umefungua bomba, umebonyeza kitufe, lakini maji hayaishi

Hapa tatizo si bakuli, ni koki. Koki ndogo za chini ya sinki hukaa miaka bila kuguswa, chokaa hujijenga kwenye kiti chake, na zikifungwa huacha uzi wa maji upite. Uzi huo ni mdogo kiasi kwamba huwezi kuusikia, lakini bakuli lililofungwa halihitaji maji mengi ili lirudi kwenye shinikizo kamili. Linahitaji muda tu. Ukibonyeza kitufe, ukaacha, ukaenda kutafuta spana, ukirudi bakuli limekwisha kubanwa tena.

Njia ya kuhakikisha ni kuangalia mrija wa maji taka. Huku koki ya kuingiza imefungwa na bomba la kunywea liko wazi, mrija huo unapaswa kupunguza matone na kukauka. Ukiendelea kutiririka baada ya dakika 10, maji yanaendelea kuingia. Funga koki kuu ya nyumba, fungua bomba lolote la maji baridi lililo chini zaidi ili mabomba yapumue, kisha bonyeza kitufe tena. Usijaribu kuikaza koki mbovu kwa koleo. Ikikatika shina, utakuwa na kazi kubwa kuliko ile uliyoanza nayo.

Bakuli linasogea nywele moja, kisha linakaza zaidi

Unafunga badala ya kufungua. Inasikika kama jambo la kitoto, lakini ndilo kosa la kwanza la watu wenye akili timamu, kwa sababu bakuli limening'inia kichwa chini na wewe unalifikia kutoka juu au ubavuni. Hesi ni za kawaida: ukilitazama bakuli kutoka chini kwenda juu, linafunguka kinyume cha mwendo wa saa. Ukiinama na kulitazama kutoka juu, mwendo huohuo unaonekana kama wa saa.

Kanuni isiyochanganya ni hii: simama au piga magoti mbele ya mtambo, ukiutazama uso kwa uso. Upande wa bakuli ulio karibu nawe uende kushoto kwako. Mpini wa spana nao uanzie kulia na uvutwe kupita mbele kuelekea kushoto. Kama umekwisha kulikaza bakuli kwa bahati mbaya, hakuna haja ya hofu, ila tambua kwamba sasa utahitaji nguvu zaidi kuliko mwanzo.

Shinikizo limekwisha, upande ni sahihi, ila mkono unateleza

Sasa ndipo suala la mshiko linapoingia. Kausha bakuli na mikono kabisa. Unyevu wa jasho la bakuli baridi peke yake unatosha kukushinda. Glavu za mpira za kuoshea vyombo, au kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli kilichozungushwa kwenye bakuli, mara nyingi humaliza kazi bila kifaa chochote.

Kama bado, tumia spana ya filta, ile pete ya plastiki yenye mpini inayouzwa pamoja na mtambo. Hesabu yake ni rahisi. Kiganja kinashika bakuli kama sentimita 6 kutoka katikati. Spana ambayo mkono wako unaushika mpini wake sentimita 24 kutoka katikati inazidisha nguvu yako mara nne. Lakini inafanya hivyo pale tu inapokaa vizuri. Ipitishe kutoka chini hadi juu kabisa, mbavu za bakuli ziingie kwenye nafasi za pete, karibu na kichwa iwezekanavyo. Ikishikwa katikati ya bakuli, inalikunja bakuli badala ya kulizungusha. Spana za mabakuli si za saizi moja, na iliyo kubwa kidogo itaruka mbavu na kuzisaga. Ukiisikia inaruka, simama. Ziba nafasi kwa kipande cha mpira au kitambaa kigumu, au tafuta saizi yake.

Mbavu zikiwa zimeliwa tayari, spana ya mkanda ndiyo mwokozi. Mkanda wake wa mpira au wa turubai hushika mzingo wote kwa usawa. Uzungushe hivi kwamba mpini ukivutwa kushoto, mkanda unajikaza; ukiuweka kinyume utateleza bila mwisho. Mkanda wa suruali na kipande kifupi cha mti hufanya kazi hiyohiyo kwa shida kidogo zaidi.

Jambo ambalo watu husahau ni kichwa. Nguvu yote unayoweka kwenye bakuli inapita kichwani na kuishia kwenye skrubu za breketi na kwenye viungio vya mirija. Mbao ya kabati ikiwa laini, skrubu hung'oka. Viungio vikiwa vya plastiki, hupasuka shingoni. Mkono mmoja uvute bakuli kushoto, wa pili ushike kichwa na kukisukuma kulia. Kama mkono wa pili hautoshi, mwenzako ashike. Vuta kwa mkupuo mfupi, au pigapiga mwisho wa mpini kwa kiganja. Mishtuko midogo huachanisha ringi na plastiki vizuri kuliko kuning'inia kwenye spana kwa dakika nzima.

Epuka spana ya meno ya mafundi bomba. Meno yake hushika sehemu mbili ndogo tu, na bakuli ambalo limehimili baa nyingi kwa miaka hupasuka kama yai linapobanwa kutoka pande mbili. Kupachika bomba refu kwenye mpini wa spana ya plastiki ni kosa la ukoo huohuo.

Spana inashika, bakuli linakataa, na ukingo una weupe au ringi imevimba

Ukiona mduara mweupe mgumu pale bakuli linapokutana na kichwa, ni chokaa iliyotokana na mvujo mdogo wa muda mrefu. Lowanisha kitambaa kwa siki nyeupe, kizungushe kwenye kiungo, kiache nusu saa, kisha sugua kwa mswaki wa zamani. Siki haitafika kwenye hesi zote, ila ikiyeyusha ule ukingo wa nje mara nyingi inatosha.

Kama hakuna chokaa, mshukiwa ni ringi ya mpira. Ringi iliyofungwa ikiwa kavu hujishikiza kwenye plastiki kadiri miezi inavyopita. Ringi iliyopakwa mafuta ya mgando ni mbaya zaidi: mpira wa aina ya EPDM, unaotumika sana kwenye vifaa vya maji, hunyonya mafuta ya petroli na kuvimba. Ikivimba ndani ya mfereji wake haina pa kwenda, kwa hiyo inajisukuma dhidi ya kuta kwa nguvu zake zote.

Joto kidogo husaidia hapa. Kwenye mabakuli mengi, hesi za bakuli huingia ndani ya zile za kichwa, kwa hiyo kichwa kikipanuka kidogo kuliko bakuli, mshiko hulegea. Chovya taulo kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi joto 40 hivi, yaani maji ambayo mkono unayavumilia bila shida, ulizungushe kwenye kichwa kwa dakika 5, kisha jaribu mara moja. Usitumie maji ya kuchemka wala kikausha nywele. Mabakuli haya yametengenezwa kwa maji baridi, na plastiki iliyolainika hubadili umbo.

Na usipulizie dawa ya kulegeza kutu. Hapa hakuna kutu. Kilichopo ni plastiki, na mabakuli yanayoonyesha ndani hutengenezwa mara nyingi kwa plastiki ambayo viyeyushi vya petroli huiwekea nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Zaidi ya hayo, hicho ni chombo cha maji ya kunywa, na ile harufu filta ya kaboni itaihifadhi kwa uaminifu mkubwa.

Bakuli limelegea lakini halishuki

Linazunguka, hesi zimekwisha kuachana, ila linavutwa juu kama limenyonywa. Ndivyo lilivyo. Maji yamejaa, hewa haiwezi kuingia kuchukua nafasi yake, na bakuli linashikwa na mnyonyo. Bonyeza kitufe cha kichwani ili hewa iingie, au chomoa mrija mmoja. Likining'inia kwa ringi tu, litikise taratibu ubavu kwa ubavu huku ukilishikilia kwa mkono wa chini: bakuli lililojaa maji na filta ni zito, na likiachia ghafla hufanya hivyo bila onyo. Beseni liwe chini yake tangu mwanzo.

Mfano mmoja, hatua kwa hatua

Chukua mtambo wa mabakuli matatu wenye utando na tangi, hauna pampu. Mwenye nao amefunga koki ya kuingiza na kufungua bomba la kunywea. Maji yanatoka dakika kadhaa bila kukatika. Anaamini koki ni mbovu, lakini akifunga koki ya tangi, bomba linakauka mara moja. Kumbe yalikuwa maji ya tangi.

Anajaribu bakuli la kwanza kwa spana. Halisogei. Anabonyeza kitufe chekundu, maji yanaruka, na baada ya dakika nzima bado yanaruka. Anaangalia mrija wa maji taka: unatiririka. Sasa ndiyo ana haki ya kuilaumu koki. Anafunga koki kuu, anafungua bomba la maji baridi la sinki, anabonyeza kitufe tena, na mruko unafifia kuwa matone. Bakuli la kwanza na la pili yanafunguka kwa spana ileile, kwa nguvu ileile ambayo dakika 10 zilizopita haikufanya lolote.

La tatu linakataa. Mabakuli yote matatu yamefuatana kwenye mfululizo mmoja, na mawili ya kwanza yako wazi, kwa hiyo shinikizo haliwezi kuwa sababu tena. Spana haitelezi, ukingo hauna chokaa. Imebaki ringi au mkazo wa mtu wa mwisho. Taulo la uvuguvugu kwenye kichwa, mtu wa pili kashika breketi, mikupuo mitatu mifupi, na linaachia kwa mlio. Ringi inatoka kwenye mfereji wake ikiwa laini, inateleza, na ukijaribu kuirudisha ni ndefu kuliko mfereji. Hiyo imevimba kwa mafuta, na jibu lake ni ringi mpya, kwa sababu kuifuta hakuirudishi kwenye saizi yake.

Likikataa kabisa

Chomoa mirija yote, fungua skrubu za breketi na utoe mtambo wote nje ya kabati. Mezani, huku kichwa kimeshikwa na mtu au kimebanwa kwenye jiliwa kupitia kitambaa kinene, unapata nafasi ya kutumia spana mbili, moja kwa kila upande, na unaona unachofanya. Mabakuli mengi yaliyoshindikana chini ya sinki hufunguka hapa.

Ukiona mistari meupe kwenye plastiki karibu na hesi, au ukisikia mlio mkavu wa kupasuka, acha kuliokoa bakuli hilo. Likate ukilazimika, okoa kichwa, na ununue bakuli jingine la saizi hiyohiyo. Watengenezaji kadhaa wanashauri bakuli linaloonyesha ndani libadilishwe kila baada ya miaka 5 na lisiloonyesha kila baada ya miaka 10, hata kama halijapasuka.

Wakati wa kulirudisha

Futa mfereji wa ringi kwa kitambaa kisicho na nyuzi hadi mchanga wote utoke. Paka ringi grisi ya silikoni ya daraja la vyakula, kiasi cha punje ya mchele, isambae hadi ringi ing'ae tu. Anza kufunga kwa kulirudisha bakuli nyuma kidogo hadi usikie hesi zikikaa, kisha zungusha mbele. Likigoma mapema na pengo la ukingo likawa pana upande mmoja, hesi zimepishana na unapaswa kuanza upya. Kaza kwa mikono miwili na uishie hapo. Spana ni ya kufungulia.

Fungua maji polepole huku bomba la kunywea liko wazi ili hewa itoke. Pitisha karatasi kavu ya tishu chini ya kila kiungo mara moja, kisha tena baada ya saa chache. Tone likionekana, usikimbilie kukaza zaidi: toa shinikizo, fungua, na utazame ringi. Karibu kila mara utaikuta imejikunja au imekalia punje ya mchanga, na kukaza juu yake ndiko kunakoliacha bakuli likiwa gumu kufunguka safari ijayo.